Siku mbili kabla ya mtihani wa Hisabati, weka kikokotoo kabatini

Nafundisha twisheni hapa Mwanjelwa, na kila Novemba vijana wa kidato cha nne hunijia na swali lilelile: zimebaki siku mbili, nisome nini?

Kwanza, kikokotoo kipumzike. Hakiruhusiwi kwenye mtihani wa taifa wa Hisabati. Ni majedwali tu. Aliyezoea kubonyeza akishika majedwali asubuhi ile, vidole vinakuwa vizito. Kwa hiyo siku ya kwanza fanya maswali machache ya logi, ukianza na yenye mzizi. Tuseme unatafuta mzizi wa tatu wa 0.0345. Jedwali linakupa .5378, na sehemu nzima ni 2 yenye mstari juu. Hapo wengi huandika hasi 2.5378 na jibu linapotea. Ule mstari unahusu 2 peke yake; .5378 inabaki kuwa chanya. Sasa, hasi 2 haigawanyiki kwa 3, basi ifanye hasi 3 kisha uongeze 1 kwenye desimali: 1.5378. Gawanya kila kimoja kwa 3, upate 1 yenye mstari na .5126. Jibu ni karibu 0.3255. Ukiyafanya matatu ya namna hii bila kukwama, inatosha, funga daftari.

Mchana pitia takwimu, mahesabu ya biashara na lile swali la kuchora grafu ili kupata faida kubwa kabisa. Haya hatua zake hazibadiliki sana, kwa hiyo kuyapitia tu kunalipa. Chora grafu moja kwa penseli iliyochongwa, upime muda. Karatasi za miaka ya karibuni zina maswali 10 ya alama 6 na manne ya alama 10, kwa saa 3. Dakika 10 kwa fupi, 17 kwa refu, unabaki na dakika 12 za kukagua.

Mada ambayo hukuielewa tangu Machi iache. Kuna binti wa Uyole aliyetaka kuanza umbali juu ya uso wa dunia jioni ya mwisho. Nilimwambia, mwanangu, hiyo itakunyang'anya hata matriksi unayoijua. Alinuna kidogo, akaiacha.

Siku ya pili soma asubuhi tu, na iwe kusahihisha makosa yako ya zamani, si maswali mapya. Baada ya chakula toka nje, tembea. Chai ya Tukuyu ni tamu, lakini ikipita saa kumi jioni inakuibia usingizi. Wa bweni wataitana kukesha kwa tochi. Wewe saa tatu usiku uwe kitandani. Kabla ya hapo weka pamoja kalamu mbili za bluu au nyeusi, penseli, rula, bikari na namba yako ya mtihani. Na kama unatoka Uyole, panga daladala la mapema, maana kwenye foleni ya pale Mafiati huwezi kumlaumu kondakta.