D-dimer ya mama imepanda

"Mama ana miaka 72, D-dimer 640, kikomo 500. Si ndiyo damu imeganda mapafuni?"

Bado, ndugu. Kimeng'enya kiitwacho plazmini hukatakata nyuzi zilizoshikamana za fibrini, protini inayogandisha damu, na D-dimer ni vipande vinavyobaki. Kipimo kinaonyesha kuna fibrini inayoyeyushwa mwilini, ila hakisemi ni wapi wala kwa nini. Maambukizi, upasuaji, saratani, hata ujauzito huipandisha. Kwa aliyevuka miaka 50, madaktari wengi huzidisha umri mara 10, hivyo kikomo cha mama ni 720, mradi majibu yameandikwa kwa vizio vya ng/mL FEU. Lakini kama mguu mmoja umevimba au pumzi imembana ghafla, achaneni na hesabu hizo: mpelekeni hospitali sasa hivi, daktari aamue kuhusu skani.