Salio kuisha bila kuvuka mpaka

“Naishi Namanga upande wa Tanzania. Sijavuka mpaka, lakini jana usiku nimepokea ujumbe wa kunikaribisha Kenya na salio lote limeisha. Imekuwaje?”

Ndugu, mawimbi ya simu hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Simu yako hushika mtandao wako wa Tanzania maadamu inaupata. Mawimbi yake yakififia, labda ndani ya chumba chenye kuta nene, hutafuta mtandao mwingine unaoruhusiwa na laini yako, na mnara ulio karibu huenda ukawa wa Kenya. Ikishaushika, haiuachi upesi hata mawimbi ya nyumbani yakirejea.

Kifurushi chako cha kawaida hakihesabiki huko, hivyo data hukatwa kwenye salio kwa bei ya nje ya nchi. Wala si lazima uwe umeishika simu: picha za magrupu zinazojipakua na programu zinazojisasisha usiku zinatosha kulimaliza.

Zima data ya nje ya nchi (Data roaming) katika mipangilio ya mtandao wa simu. Hatua hiyo huzuia data tu. Kupiga simu na kutuma ujumbe bado kunaweza kutozwa. Kwa hiyo zima pia uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, kisha uchague mwenyewe jina la mtandao wako. Gharama yake ni kwamba penye mawimbi hafifu utakosa huduma kabisa, jambo ambalo mimi naliona afadhali. Ukiona herufi R karibu na alama ya mawimbi, angalia jina la mtandao kabla ya kupiga.