Kabla sijakupa dawa ya gastriti

Dawa ya gastriti ni kati ya zinazoombwa sana kwenye kaunta yangu hapa Lubumbashi. Mtu anaingia, anashika tumbo juu ya kitovu, anasema linawaka, anataka omeprazoli aondoke. Wengi wao nawapa kweli. Lakini kwanza nawauliza maswali machache, na lililo zito kuliko yote ni hili: choo chako kina rangi gani?

Watu huona aibu, hasa kukiwa na wateja wengine, kwa hiyo nasogea pembeni na kupunguza sauti. Wafamasia wenzangu, msilikwepe swali hili. Kidonda cha tumbo kinaweza kuvuja damu bila mtu kutapika hata tone. Damu ile inapita kwenye utumbo, inabadilika, na inatoka nyeusi kama lami, inanata, na harufu yake ni mbaya kupita ya kawaida. Omeprazoli kutoka farmasi haitoshi kwa mtu huyo. Anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Hivi karibuni alikuja baba mmoja wa miaka arobaini na kitu, mpakia magunia. Nilipomuuliza kama anatumia dawa yoyote, akajibu hapana. Jibu hilo silichukui hivihivi, maana wengi hawahesabu dawa ya maumivu kuwa dawa. Nikauliza tena: “Baba, mgongo ukikuuma unameza nini?” Hapo akasema, “Aa, ile diklofenaki tu, mama. Asubuhi na jioni, karibu mwezi sasa.” Mara nyingine alikuwa akichomwa sindano yake, akiamini sindano haigusi tumbo. Inaligusa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na kazi hiyo hufanyika kupitia damu, hata dawa isipopita mdomoni. Tena kwa kuwa zinatuliza maumivu, kidonda kinaweza kuvuja kabla hakijauma sana.

Kuhusu choo, alisema ni cheusi, lakini akanituliza: “Ni vidonge vya kuongeza damu, nilivinunua kwa sababu nachoka.” Ni kweli, vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi, na sombe nyingi huweza kukifanya kijani kizito. Choo cha chuma, hata hivyo, kwa kawaida hakinati kama lami wala hakina ile harufu. Nikamuuliza kipi kilitangulia. Vidonge alianza jana. Choo kilikuwa cheusi tangu siku tatu nyuma, na kinang'ang'ania kwenye sinki. Uchovu uliomfanya anunue vidonge ulikuwa, kwa dhana yangu, uchovu wa kupoteza damu.

Nilimketisha, nikahesabu mapigo yake kwa dakika nzima: 112, naye amekaa tu. Nilipovuta kope la chini, ndani palikuwa peupe. Alikiri kwamba akiinuka macho yanaingia giza. Sikumuuzia kitu. Nilimwambia aache diklofenaki na asile kwanza, kwa sababu daktari anaweza kutaka kuingiza kamera tumboni. Nikampigia mke wake simu aje amsindikize. Mwenye kizunguzungu cha namna hiyo hapandi pikipiki peke yake. Kwenye karatasi niliandika dawa zote alizotumia na vipimo vyake, siku choo kilipoanza kuwa cheusi, na mapigo yale pamoja na saa nilipoyahesabu. Karatasi hiyo humwokolea daktari muda, maana mgonjwa akifika pale atarudia kusema hatumii dawa yoyote.

Pia namtuma hospitali bila kusubiri anayetapika damu au kitu kama unga wa kahawa, na yule ambaye “kiungulia” chake ni kifua kubanwa, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, na jasho likimtoka. Huyo wa mwisho ni wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Anayekwama na bukari kooni, anayekonda bila sababu, au aliyevuka miaka 55 na tatizo ni jipya, hana haraka ya saa hiyo, lakini naye anahitaji daktari. Omeprazoli inaweza kumpa nafuu huku saratani ya tumbo ikiendelea kukua.

Asiye na dalili hizi nampa omeprazoli ya miligramu 20, kidonge kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya kula, kwa siku 14. Tukikuta anameza dawa ya mgongo, tunatafuta nyingine, mara nyingi parasetamoli. Siku 14 zikiisha na tumbo bado linawaka, siongezi paketi ya pili. Naandika karatasi ya kwenda kwa daktari.