Maelezo ya shahidi kutoka Kivietinamu: undugu, tarehe na anwani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisoma Hanoi na Kivietinamu nakimudu. Wakili mmoja wa Dar es Salaam amenipa maelezo ya shahidi kutoka Kusini mwa Vietnam niyatafsiri kwa Kiswahili yaingizwe mahakamani, na ili kunirahisishia kazi amenipa pia rasimu ya Kiingereza. Naomba orodha ya maneno ya undugu (chú, cậu, dì, anh, em) na Kiswahili chake. Halafu tarehe na anwani: nizinyooshe ziwe za kawaida, au niziache zilivyo?

JIBU: Marahaba. Kwanza mrudishie wakili hiyo rasimu ya Kiingereza, au ifungie kabatini mpaka umalize. Karibu kila tafsiri mbovu ya Kivietinamu ninayoletewa niikague imepita njia hiyo, na kosa huwa ni lilelile: ndugu wa baba amegeuka mjomba.

Kiingereza kina neno moja tu, uncle, kwa baba mdogo, baba mkubwa, mjomba na hata mume wa shangazi. Kivietinamu kinawatenganisha, na Kiswahili pia kinawatenganisha. Chú ni mdogo wa kiume wa baba, yaani baba mdogo. Cậu, kwa Kusini, ni kaka au mdogo wa kiume wa mama, yaani mjomba. Ukitoka Kivietinamu moja kwa moja, unafika bila kupoteza kitu. Ukipitia Kiingereza, tofauti inafia njiani, na mfasiri akifika kwenye Kiswahili anaokota “mjomba” kwa sababu ndivyo alivyofundishwa shuleni. Shahidi alisema ukoo wa baba, mahakama inasoma ukoo wa mama. Kama shauri ni la mirathi, hapo umeshabadilisha mdai.

Orodha uliyoomba sikupi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kusini hawasemi kama Hanoi. Ulikosoma wewe, bác ni mkubwa wa baba au wa mama, wa kiume au wa kike, na dì ni mdogo wa kike wa mama. Kusini, bác kwa kawaida ni kaka mkubwa wa baba tu, na dì ni ndugu yeyote wa kike wa mama, awe mkubwa au mdogo. Kwa hiyo dì wa shahidi wako ukimwandika “mama mdogo” umemtungia umri ambao shahidi hakuutaja. Andika “dì [ndugu wa kike wa mama]” kisha uendelee.

Ya pili ni nzito zaidi. Wavietinamu huitana kwa maneno ya undugu hata pasipo undugu. Chú ni baba mdogo, lakini pia ni mwanamume yeyote wa rika la chini kidogo ya baba: fundi, jirani, mlinzi wa getini. Anh ni kaka mkubwa, ni mwanamume aliyekuzidi umri kidogo, na ni mume au mpenzi. Sisi wenyewe humwita “mama mdogo” mtu tusiyechangia naye hata babu, kwa hiyo jambo hili halipaswi kumshangaza Mswahili. Linalotofautiana ni karatasi: mahakamani “kaka yangu” inasomwa kama ushahidi wa nasaba. Undugu wa damu uandike pale tu shahidi aliposema wazi, kwa mfano anh ruột, kaka wa tumbo moja, au anh họ, binamu wa kiume anayeitwa kaka. Na huyo anh họ usimwite mkubwa kwa umri, kwa sababu ukubwa huo mara nyingi hufuata mzazi yupi alitangulia kuzaliwa, na anaweza kuwa mdogo kwa miaka kadhaa kuliko shahidi.

Tazama sentensi kama hii, ya aina utakayoikuta:

“Khoảng 7 giờ rưỡi tối thứ Sáu, ngày 23 tháng Chạp năm Quý Mão, tôi thấy chú Tư và anh Hùng mang hai thùng hàng vào nhà.”

Waliopitia Kiingereza hunipa: “Saa 7:30 usiku, Ijumaa tarehe 23 Desemba 2023, nilimwona mjomba wa nne na kaka yangu Hung wakiingiza maboksi mawili ya bidhaa ndani ya nyumba.” Inasomeka vizuri sana. Ina makosa matano, sita ukihesabu alama zilizodondoka kwenye jina la Hùng.

Saa: 7 giờ rưỡi tối ni saa moja na nusu usiku. Anayenakili tarakimu ya saba anampeleka shahidi usiku wa manane. Andika saa ya Kiswahili, na pembeni yake 19:30 ndani ya mabano, ili hata hakimu anayesoma haraka asijikwae.

Tarehe: Chạp ni mwezi wa kumi na mbili wa kalenda ya mwezi mwandamo ya Kivietinamu, na mwaka wa Quý Mão ulianza tarehe 22 Januari 2023 ukaisha tarehe 9 Februari 2024. Tarehe 23 ya Chạp mwaka huo iliangukia 2 Februari 2024. Angalia siku ya wiki sasa: 23 Desemba 2023 ilikuwa Jumamosi, na 2 Februari 2024 ilikuwa Ijumaa, kama shahidi alivyosema. Siku ya wiki ndiyo mizani yako. Ipime kila mara. Lakini nayo isome vizuri. Wavietinamu huhesabu Jumapili kuwa ya kwanza, sisi tunaanzia Jumamosi, hivyo thứ Hai, “ya pili”, ni Jumatatu yetu, na thứ Ba, “ya tatu”, ni Jumanne. Anayefuata namba kwa mazoea hukosea siku nzima.

Kubadili tarehe tumia jedwali la Vietnam, si la China. Kalenda hizo mbili hulingana miaka mingi, ila Vietnam hukokotoa kwa saa za Hanoi, na mara chache huachana. Mwaka 1985 Tết, yaani mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, ya Vietnam ilikuwa 21 Januari, na mwaka mpya wa China 20 Februari. Mwezi mzima huo. Na tarehe isiyo na neno âm lịch (kalenda ya mwezi) wala jina la mwezi kama Giêng au Chạp, kwa mfano 5/11/2023, ichukulie kuwa ni ya kawaida, siku kwanza, mwezi baadaye.

Tư: hapa ndipo penye mtego. Kusini mwa Vietnam mzaliwa wa kwanza huitwa Hai, yaani mbili. Tư, nne, ni mtoto wa tatu. Ukiandika “wa nne”, wakili wa upande wa pili atamtafuta mtoto wa nne, na pengine yupo, na ni mtu mwingine kabisa. Iache “Tư” kama jina la kuitwa nalo, ueleze utaratibu huo mara moja kwenye maelezo ya mfasiri.

Inayokubalika ni hii: “Majira ya saa 1:30 usiku [19:30], Ijumaa, tarehe 23 ya mwezi wa Chạp, mwaka wa Quý Mão [kalenda ya mwezi, sawa na 2 Februari 2024], nilimwona chú Tư na anh Hùng wakiingiza maboksi mawili ya bidhaa ndani ya nyumba.” Chini ya ukurasa eleza kwamba chú na anh yanaweza kuwa ya undugu au ya heshima, na kwamba andiko halisemi ni lipi. Kila ulichoongeza wewe kikae ndani ya mabano ya mraba, ili sauti ya shahidi ibaki yake.

Lipo jambo baya zaidi, nalo ni meseji zilizonukuliwa ndani ya maelezo. “Em đưa tiền cho anh rồi.” Em ni mdogo, anh ni mkubwa, na maneno hayo ndiyo “mimi” na “wewe” yao. Kama anayeandika ni mdogo, maana yake ni “Nimeshakupa hela.” Kama ni mkubwa, ni “Umeshanipa hela.” Sentensi ileile, mlipaji na mlipwaji wamebadilishana. Huwezi kuitafsiri mpaka ujue ilitoka simu ya nani. Isiposemwa, andika tafsiri zote mbili na sababu yake, umwombe wakili ufafanuzi kwa maandishi. Usimpigie shahidi mwenyewe. Ukishamuuliza, umeshaingia kwenye ushahidi. Wapo pia waliotafsiri jibu la shahidi kwa askari, “em không biết”, kuwa “mdogo wangu hajui”, wakati mtu alisema tu “sijui”.

Anwani usizinyooshe. 45/12/3 si sehemu wala tarehe: nenda namba 45 barabarani, ingia uchochoro unaoanzia hapo, fika 12, ingia kichochoro cha ndani, nyumba ni ya 3. Mkwaju mmoja ukipotea, nyumba imehama. Neno hẻm nalo lisikuchanganye: Kusini ni uchochoro unaotoka barabarani, wakati Hanoi ulizoea uchochoro kuitwa ngõ, tawi lake ngách, na hẻm ikiwa ndani zaidi. Majina ya maeneo yaache na alama zake zote, na ngazi ya utawala ieleze pembeni: quận na huyện zote ni wilaya kwetu, ya mjini na ya vijijini, kwa hiyo neno la asili libaki.

Hapo ndipo kule “kunyoosha” ulikouliza kunapoleta balaa. Tangu 1 Julai 2025 Vietnam imefuta ngazi ya wilaya, na mikoa pamoja na majiji ya ngazi ya mkoa imepungua kutoka 63 hadi 34. Bình Dương sasa imo ndani ya Jiji la Hồ Chí Minh. Maelezo yaliyoandikwa 2024 yakisema Bình Dương, andika Bình Dương. Hati nyingine kwenye jalada zina anwani ileile ya zamani, na ukiibadilisha kwenye yako pekee, mahakama itaona nyumba mbili. Na quê quán ni asili ya ukoo. Mtu anaweza kuwa hajawahi kulala huko. Isiingie kwenye safu ya “mahali pa kuzaliwa”.

Tangu sheria ya 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, wamejitokeza watu wa kugonga muhuri wa “mfasiri” kwenye steshenari, wanapokea Kiingereza cha lugha yoyote ile na kutoa Kiswahili ndani ya saa moja. Kisha wanaapa kwamba wametafsiri “kutoka Kivietinamu”, au Kichina, au Kituruki. Huo ni uongo ndani ya hati ya kiapo, na maswali ya dodoso huufichua haraka: wakili anamwonyesha mfasiri mstari mmoja wa asili na kumwomba ausome. Kielelezo kikiyumba, anayeumia ni mteja aliyelipa, na mara nyingi shahidi ameshaonekana mwongo kwa tarehe ambayo hakuisema.

Kwenye uthibitisho wako taja kwamba umetafsiri kutoka nakala ya Kivietinamu, kurasa ngapi, ukaiambatishe kurasa zikilingana namba kwa namba, na saini, alama za vidole na mihuri myekundu ya duara ukiionyesha mahali pake ndani ya mabano. Na kama kuna sehemu ulishaiwasilisha kwa wakili ukifuata ile rasimu, mwandikie leo aizuie kabla haijasajiliwa, umpe toleo lililosahihishwa likiwa na tarehe mpya.