Kunakili lebo ya chupa ya mviringo bila kupoteza neno

Chukua chupa ya dawa ya nyanya kama zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo hapa Arusha, yenye kipenyo cha sentimita 7. Lebo yake ina urefu wa takriban sentimita 22 kuzunguka chupa. Picha moja inaonyesha karibu nusu ya lebo hiyo, lakini si yote inasomeka. Kadiri herufi inavyokaribia ukingo ndivyo inavyobanwa: ikiwa nyuzi 60 kutoka katikati, upana wake unabaki nusu, na zaidi ya hapo sifuri huanza kugeuka kijiti kinachofanana na 1. Kwa hiyo tegemea ukanda wa katikati tu, nyuzi 30 kila upande, ambao kwenye chupa hii ni kama sentimita 3.7.

Piga picha 8. Zungushia chupa kipande cha karatasi, kikate pale kinapokutana, kikunje katikati mara tatu ili kipate sehemu 8 na utie alama kwenye mikunjo, kisha kibandike chini ya lebo. Simu ikae palepale, kwenye kimo cha katikati ya lebo, umbali wa nusu mita, na ukuze picha mara 2. Chupa ndiyo izunguke, alama moja kwa kila picha. Simu ikiinuliwa juu, mistari itapinda. Zima flashi, mwanga wa dirishani kutoka upande unatosha, maana mng'ao mweupe hufuta maneno kabisa. Simamisha rula kando ya chupa, isisogezwe hadi umalize.

Wakati wa kuandika, fuata mstari, si picha. Tuseme picha ya 3 inasomeka "Changanya ml 20 kwa", ya 4 "20 kwa lita 15", ya 5 "lita 15 za maji safi". Maneno yanayojirudia ndiyo kiungo, na huandikwa mara moja tu.

Hatari kubwa ni mistari miwili inayofanana mwanzo. "Usinyunyizie wakati wa upepo" ikikaa juu ya "Usinyunyizie karibu na mizinga ya nyuki", mkia wa mmoja huunganishwa kwa urahisi na kichwa cha mwingine. Hapo soma kimo kwenye rula. Kama lebo ilibandikwa kwa mshazari, mstari utashuka kidogo kidogo, pengine milimita 3 kwa mzunguko mzima, na hiyo ni nafasi ya mstari mzima wa maandishi madogo. Ndiyo maana picha hulinganishwa na jirani yake, kamwe si ya kwanza na ya mwisho.

Kipimo cha dawa kisitolewe ukingoni. Kila tarakimu lazima ionekane katikati ya angalau picha moja. Ikikosekana, piga nyingine ukiielekeza hapo. Pale lebo inapopandana, ongeza picha ya 9 iliyolenga mshono wenyewe. Herufi iliyofunikwa na karatasi ya juu iandikwe [?], hata kama neno linakisika, na nambari iliyofunikwa isikisiwe hata kidogo, kwani kati ya ml 20 na ml 200 kuna sifuri moja tu.