Mnunuzi amepokea mzigo lakini hathibitishi: pesa iliyoshikiliwa inatokaje?

Muuzaji akiona pesa yake imekwama kwenye jukwaa la kuuzia bidhaa mtandaoni, kwanza humlaumu mnunuzi aliyenyamaza. Lakini ukimya peke yake mara nyingi hauzuii pesa. Majukwaa mengi yanayoshikilia malipo yana kanuni kwamba mnunuzi asiposema kitu ndani ya muda fulani, huhesabiwa kuwa ameridhika na pesa huachiliwa yenyewe. Kinachokwamisha ni kwamba muda huo haujaanza kuhesabiwa.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mnunuzi simu ya kumi, fungua masharti ya jukwaa utafute jambo moja: saa inaanza kuhesabiwa lini? Kwenye Vinted ya Ulaya, mnunuzi ana siku 2 tangu mzigo uonekane umefika. Asipolalamika, pesa inakwenda kwa muuzaji. Kwenye Taobao ya China, kwa mizigo inayotumwa na kampuni za vifurushi, mfumo hujithibitisha wenyewe siku 10 baada ya muuzaji kuweka alama kwamba ametuma. Kanuni hizi mbili zinafanana kwa juu tu. Moja inasubiri kufika, nyingine inasubiri kutumwa, na kwa muuzaji anayetuma kwa basi tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Tuchukue mfano. Muuzaji wa Kariakoo ameuza simu iliyotumika kwa shilingi 450,000 kwa mtu wa Mwanza. Jukwaa limeshika pesa, na kanuni yake inasema siku 3 tangu mzigo ufike. Simu inapakiwa kwenye basi Jumanne, inafika Jumatano usiku, mnunuzi anaichukua Alhamisi. Kisha kimya. Wiki inapita na oda bado inasoma `Shipped`.

Sababu ni kwamba ofisi ya basi haina mawasiliano na mfumo wa jukwaa. Kampuni ya usafirishaji yenye namba ya kufuatilia mzigo hupeleka taarifa yenyewe, oda ikageuka `Delivered`, na siku 3 zikaanza. Karani wa basi yeye anaandika kwenye daftari. Kwa macho ya jukwaa, simu ile bado iko njiani, na itabaki njiani hadi mtu alete ushahidi.

Risiti uliyopewa Dar haitoshi. Inaonyesha kwamba uliacha kifurushi, haionyeshi nani alikichukua. Unachohitaji ni ule ukurasa wa daftari la Mwanza ambao mpokeaji alisaini. Piga simu ofisi ya Mwanza, mtajie karani namba ya risiti, umwombe apige picha mstari wako: namba ya mzigo, jina la aliyechukua, namba yake ya simu, tarehe na saini. Mwombe afunike mistari ya wateja wengine kwa karatasi. Fanya hivyo mapema, maana daftari likijaa huwekwa stoo na hakuna mtu wa kulitafuta.

Ukishaipata picha hiyo, mwandikie mnunuzi ndani ya jukwaa, si WhatsApp. Ujumbe uwe mfupi na wenye tarehe: “Mzigo namba fulani ulichukuliwa Alhamisi kwa jina lako. Tafadhali thibitisha kwenye oda, au nieleze kama kuna tatizo, kabla ya Jumamosi saa 12 jioni.” Usitishe wala usitukane. Ukizuka ugomvi, msuluhishi wa jukwaa atausoma ujumbe huo akiwa hamjui hata mmoja wenu, na hasira iliyoandikwa humfanya aanze kutafuta kosa lako.

Jumamosi ikipita kimya, fungua ombi la kuachiliwa pesa na uambatanishe vitu vitatu: risiti ya Dar, picha ya daftari la Mwanza, na ujumbe wako ambao haukujibiwa. Kwa kawaida jukwaa litamwandikia mnunuzi na kumpa muda wa kujibu. Asipojibu, ushahidi uliopo ni wako tu, na pesa inatoka.

Akijibu, kazi ya msuluhishi inategemea mnunuzi kasema nini. Akisema hajapokea, ni juu yako kuonyesha kwamba mzigo ulifika na ukachukuliwa na mtu wa kwenye oda. Akisema amepokea lakini simu si ile, jukumu la kuthibitisha linahamia kwake: alete picha na maelezo, nawe ujibu. Ukiona taarifa ya malalamiko, angalia siku ya mwisho ya kujibu. Muuzaji mwenye haki anaweza kupoteza kesi kwa sababu tu hakujibu, maana ukimya unahesabiwa dhidi yake pia.

Penye utata mkubwa ni jina. Mnunuzi ni Asha, lakini daftari limesainiwa na Juma, kwa sababu Asha alimtuma bodaboda. Kwa msuluhishi huo ni mzigo uliochukuliwa na mtu asiyejulikana. Kama Asha alikuambia kwa simu kwamba atamtuma kijana, jukwaa halikusikia. Ukikata simu tu, andika kwenye oda: “Kama tulivyoongea, mzigo atachukua Juma, namba yake ni hii. Naomba uthibitishe hapa.” Usimruhusu karani kuutoa kabla Asha hajajibu “ndiyo”.

Dai la “simu si ile” nalo linazuiwa kabla ya kutuma. Kwenye simu unayouza bonyeza `*#06#` ili namba ya IMEI itokee, uipige picha ikiwa imewaka pembeni ya kifurushi chenye jina la mpokeaji, kisha uitume kwenye mazungumzo ya oda siku hiyohiyo. Picha inayotolewa baada ya ugomvi kuanza ina uzito mdogo, kwa kuwa hakuna anayejua ilipigwa lini.

Kuna ombi moja la mnunuzi la kuwa nalo makini sana: “Nirudishie 50,000 kwenye namba yangu ya simu, nitathibitisha sasa hivi.” Ukituma nje ya jukwaa, pesa hiyo haionekani kwenye oda, na yeye bado anaweza kudai 450,000 zote. Kama kweli simu ina mchubuko ambao hukuutaja na punguzo ni la haki, litolewe ndani ya jukwaa, pale penye sehemu ya kukubaliana marejesho ya sehemu ya bei.

Hakikisha pia kwamba tatizo ni uthibitisho kweli. Kama oda inasoma imekamilika lakini pesa haitoki, angalia taarifa za akaunti yako: jina la kitambulisho likitofautiana na jina la laini unayopokelea, malipo huzuiliwa, na mnunuzi hahusiki.

Msuluhishi akiamua simu irudishwe, kwa kawaida mnunuzi harudishiwi pesa mpaka ionekane kwamba mzigo umerudi kwako. Hapo saini yako kwenye daftari la Dar ndiyo ushahidi wake. Fungua kifurushi mbele ya karani, bonyeza `*#06#`, linganisha namba na ile picha, na kama hazilingani usisaini: piga picha namba iliyopo, mwombe karani aandike tofauti hiyo kwenye mstari wa mzigo, uitume kwenye oda kabla hujaondoka dirishani.