Pesa Iliyozidi na Mteja Aliyenyamaza

Swali: Assalamu alaykum, shehe. Ninauza mbolea Mwanjelwa, Mbeya. Mteja wa Tukuyu nilikuwa namdai 480,000, akanitumia 840,000 kwa simu. Wiki ya tatu hii hajasema neno. Mwenzangu anasema tuandike ziada kwenye daftari, atachukulia mbolea msimu ukifika, maana kimya ni ridhaa. Nami nimeshaagizia mzigo sehemu ya pesa hiyo. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaykumu salaam. Shilingi 360,000 zilizozidi ni mali ya mteja wako iliyo mikononi mwako, na kwa kuwa umezigusa, zimekuwa deni juu yako, hata mzigo huo ukipotea njiani. Mjulishe leo.

Hoja ya mwenzako imenisumbua, kwa sababu naisikia madukani kila mara. Kimya kinachohesabiwa ridhaa katika sheria ni kama kile cha bikira anayeposwa, na Mtume (s.a.w.) aliamrisha aombwe idhini kwanza, ndipo kunyamaza kwake kukawa idhini. Huyu mkulima nani amemuuliza? Yaelekea hajui hata kwamba vidole vyake vilipindua tarakimu. Imamu Shafii amepokewa akisema kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli, na Qur'ani, katika Sura An-Nisaa aya ya 29, imeifungamanisha biashara na kuridhiana. Kuigeuza pesa yake kuwa malipo ya mbolea ambayo hakuiagiza ni kumuuzia bila yeye kununua. Tena kwa bei ipi? Mfuko ukipanda bei Novemba, mvua zikianza, hasara hiyo ataibeba nani?

Asili, basi, ni kumrudishia. Kuiacha kwenye daftari ni hiari yake, akishaelezwa. Akiridhia, iandikwe kuwa ni shilingi 360,000, isiandikwe mifuko, na awe na haki ya kuidai wakati wowote kabla hajaitumia. Ada ya kurudisha inaweza kukatwa kwake, kwa kuwa kosa lilikuwa lake, lakini mwambie kabla ya kuikata. Kama ungekuwa wewe uliyemtajia deni kimakosa, ada ingekuwa juu yako.

Kabla ya kutuma, hakikisha kwenye taarifa ya akaunti yako kwamba pesa iliingia kweli, kisha irudishe kwenye namba ileile iliyoituma. Akikupa namba nyingine, mpigie umsikie sauti.

Naelewa, ndugu yangu, kwamba huenda huna pesa yote mkononi, na aibu ndiyo iliyokuchelewesha. Usimfiche. Mlipe uliyo nayo, na iliyobaki umwombe muda, naye ana haki ya kukataa. Ujumbe wako uwe hivi:

“Mzee wangu, shikamoo. Deni lako lilikuwa 480,000, nimepokea 840,000, zimezidi 360,000. Samahani kwa kuchelewa kukueleza. Sehemu niliitumia dukani, nami nina wajibu wa kuilipa. Je, nikurudishie kwenye namba hii, au unapenda ikae kwa hesabu ya msimu? Usiponijibu, nitakurudishia.”